Faida Ipo, Akaunti Imeungua

Mwaka 2016 Victor Haghani na Richard Dewey walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila anayecheza na soko la fedha angepaswa kulijua. Waliwakusanya watu 61, wengi wao wanafunzi wa uchumi na fedha pamoja na vijana wanaofanya kazi katika kampuni za fedha, wakampa kila mmoja dola 25 na sarafu ya kurushwa kwenye kompyuta. Kuhusu sarafu hiyo hawakumficha mtu kitu. Waliwaambia wazi kwamba sarafu hiyo imepinda, kwamba itaangukia kichwa mara 60 katika kila 100. Kila mtu alikuwa na nusu saa ya kurusha atakavyo na kuweka dau lolote analotaka, na fedha atakayobaki nayo ni yake, hadi kikomo cha dola 250.

Ni nadra sana mtu kupewa nafasi nzuri kiasi hicho, na tena kuambiwa ukubwa wake. Hata hivyo, asilimia 28 ya washiriki walibaki mikono mitupu, na ni asilimia 21 tu waliofika kwenye kikomo. Watu 18, wakati fulani katika mchezo, waliweka fedha zao zote kwenye mrusho mmoja.

Sarafu haikuwadanganya. Kilichowamaliza ni ukubwa wa dau.

Chukua mchezaji anayeweka dola 5 kila mara na kuchagua kichwa tu. Mtaji wake wa dola 25 unatosha madau matano. Kuna kanuni ya zamani ya hisabati inayosema kwamba uwezekano wa mchezaji kama huyu kufilisika siku moja, akiendelea bila kikomo, ni uwezekano wa kukosa ugawanywe kwa uwezekano wa kupata, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe mara nyingi kadiri ya madau aliyonayo mfukoni. Hapa 40 kwa 60 ni theluthi mbili, na theluthi mbili ikizidishwa mara tano inatoa kama asilimia 13. Akipandisha dau hadi dola 12.50, amebakiwa na madau mawili tu, na hatari inaruka hadi asilimia 44. Akilishusha hadi dola 2.50, inaanguka chini ya asilimia 2. Sarafu ni ileile, mtaji ni uleule.

Wengi hudhani kupoteza mara tano mfululizo ni balaa la nadra wakati una nafasi nzuri. Ukisimama mahali pamoja na kuuliza, “Je, mirusho mitano ijayo yote itanigeuka?”, jibu ni kama mara 1 katika 100. Lakini mchezo haukuulizi swali hilo mara moja. Unakuuliza upya kila unaporusha. Ndani ya mirusho 100 uwezekano wa kukutana na mfululizo huo mahali fulani unakaribia nusu. Katika mirusho 300, ambayo nusu saa inatosha kuifanya, unapita asilimia 80. Kwa hiyo hasara tano mfululizo ni jambo la kulitarajia kabisa, na swali pekee ni kama zitakukuta ukiwa na akiba ya kuzibeba.

Wapo wanaojikinga kwa kuweka sehemu ya kile walichonacho badala ya kiasi kisichobadilika. Hiyo ni njia bora, kwa sababu dau linapungua kadiri mtaji unavyopungua, lakini nayo ina mtego wake. Tuseme mirusho kumi imekwenda kama inavyotarajiwa, sita imekubali na minne imekataa. Aliyekuwa akiweka asilimia 20 ya mtaji wake kila mara ametoka dola 25 hadi kama dola 30.60. Aliyeweka asilimia 40 ana dola 24.40, yaani amejichosha bure. Aliyeweka nusu ya mtaji amebaki na dola 17.80. Huyu wa mwisho ameshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa, sarafu imemtendea haki, na bado anaelekea kufilisika. Sababu ni kwamba ukipoteza nusu ya mtaji, kupata nusu hakukurudishi ulipokuwa. Itabidi kilichobaki kikizalie mara mbili.

Asilimia 20 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, alionyesha mwaka 1956 kwamba katika mchezo wa sare kwa sare, dau linalokuza mtaji haraka kuliko yote ni tofauti ya uwezekano wa kupata na wa kukosa: 60 toa 40. Ukizidisha dau hilo mara mbili, ukuaji wote unaisha. Ukipita hapo, unajimaliza mwenyewe.

Sasa tuiache sarafu, tuje kwa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaofanya forex kwa simu, ambako kauli ya “nimeunguza akaunti” imekuwa ya kawaida. Kijana ana dola 200. Mbinu yake, tuseme, inashinda mara 60 katika 100, na anaweka kikomo cha hasara pipsi 40 na lengo la faida pipsi 40. Anafungua loti 0.10 kwenye jozi ya euro na dola, ambapo kila pipsi ni dola 1. Broka anamruhusu kwa sababu anamkopesha sehemu kubwa ya biashara hiyo. Kikomo kikiguswa anapoteza dola 40, moja ya tano ya akaunti. Bila kujua, ameshika madau matano, sawa na yule wa dola 5. Angefungua loti 0.01, hasara ingekuwa dola 4, na angekuwa na madau 50.

Na hapo tumempa zawadi kubwa: tumekubali kwamba asilimia 60 ni ya kweli. Washiriki wa Haghani waliambiwa. Yeye ameihesabu, huenda kutokana na biashara 30 ambazo 18 zilimlipa. Sarafu isiyopinda kabisa hutoa vichwa 18 au zaidi katika mirusho 30 kama mara 18 katika kila 100. Ikiwa ukweli wake ni asilimia 52, bado mbinu ina faida. Lakini kwa madau matano hatari ya kuunguza inafika asilimia 67, ilhali kwa madau 50 haizidi asilimia 2. Gharama za broka zikiingia, hata hiyo 52 inapungua.

Haghani mwenyewe alilijua jambo hili kwa uchungu. Alikuwa mbia mwanzilishi wa Long-Term Capital Management, mfuko uliokuwa na washindi wawili wa Nobeli, Myron Scholes na Robert Merton. Mwanzoni mwa 1998, kwa kila dola 1 ya mtaji wake mfuko ulikuwa umekopa zaidi ya dola 25. Mwezi Agosti Urusi ikashindwa kulipa madeni yake, na biashara zilizodhaniwa kuwa hazihusiani zikaanguka pamoja. Zaidi ya dola bilioni 4 zilipotea ndani ya miezi michache, na ilibidi taasisi 14 za fedha ziuokoe kwa dola bilioni 3.6.

Kuanguka pamoja huko kunamhusu hata mwenye dola 200. Akinunua euro, pauni na dola ya Australia kwa wakati mmoja, zote dhidi ya dola ya Marekani, atadhani ana biashara tatu za asilimia 2. Dola ikipanda ghafla baada ya takwimu za ajira za Marekani, vikomo vitatu vinaguswa ndani ya dakika chache na asilimia 6 imeondoka kwa mkupuo. Kwa broka wengi loti 0.01 ndiyo ndogo kuliko zote, haigawanyiki tena. Kwa akaunti yake, afungue jozi moja, hizo mbili aziache.