Kiuno Kipi?

Suruali ilirudi dukani siku ya nne, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko uleule iliotumwa nao. Mteja, mama mmoja wa Morogoro, alikuwa ameambatanisha kikaratasi: "Nimepima kiuno changu kwa futi, ni 36. Nikachagua 36 kama mlivyoandika. Haipandi hata mapajani." Jedwali la vipimo alilolifuata nilikuwa nimelitafsiri mimi.

Nilirudi kwenye maandishi ya kiwanda. Chini ya saizi M kulikuwa na tarakimu tatu: 36, 49 na 76. Nami nilikuwa nimeandika: Kiuno 36, Nyonga 49, Mguu 76. Kila neno nililolitumia lilikuwa Kiswahili sahihi, na kila tarakimu ilikuwa ileile ya kiwanda. Hata hivyo, mama yule hakuwa na namna ya kuchagua suruali ya kumtosha kwa jedwali lile.

Tuanze na hiyo 36. Kiwanda kilikuwa kimeilaza suruali mezani na kupima ukingo wake wa juu kutoka upande huu hadi ule, kwa sentimita. Ili kupata mzunguko, unazidisha kwa mbili: sentimita 72, yaani inchi 28 na kidogo. Lakini mtu wa kwetu akisikia "kiuno 36" anasikia inchi, kwa sababu fundi cherehani hupima kwa inchi, na anasikia mzunguko, kwa sababu futi huzungushwa mwilini. Inchi 36 ni sentimita 91. Mama alihitaji sentimita 91, nasi tukampelekea 72.

Ile 76 nayo ilikuwa na mtego wake. Kiwanda kilipima mshono wa ndani, kuanzia msambani hadi kwenye pindo. Fundi wetu akitaja urefu wa suruali hupima kwa nje, kuanzia kiunoni hadi chini. Mtu aliyezoea kipimo cha nje, chenye sentimita 100 au zaidi, akisoma "mguu 76" ataona hiyo ni suruali ya kuishia kwenye muundi. Isitoshe, "mguu" kwa Kiswahili ni kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Neno pekee halisemi kipimo kimeanzia wapi.

Nililichukua jedwali lile nikaenda nalo kwa fundi ninayemfahamu, mzee aliyeshona tangu ujana wake. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Hivi kiuno unakipima wapi?"

"Marahaba. Kiuno kipi, mwanangu?" akajibu. "Cha gauni au cha suruali?"

Akasimama, akazungusha futi juu ya kitovu chake, pale mwili unapobonyea. "Hiki ndicho cha gauni." Kisha akaishusha karibu upana wa kiganja, ikakaa juu ya mifupa ya pembeni. "Na hiki ndicho cha suruali, kama mtu anaivalia chini. Soma mwenyewe." Tofauti ilikuwa inchi tatu kasoro.

Hapo ndipo nilipoelewa shida ilipo. Kiuno chetu ni kipana. Shanga za kiunoni hazikai pale mwili unapobonyea, hushuka hadi juu ya makalio. Anayekata kiuno ngomani anazungusha nyonga. Anayelalamika kuumwa kiuno anashika mgongo wa chini. Neno moja linabeba eneo zima, na katika mazungumzo hatupati taabu nalo. Jedwali la vipimo linataka mstari mmoja tu wa kupitisha futi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8559-1 cha mwaka 2017, kinachoeleza namna ya kupima mwili kwa ajili ya nguo, kinauweka mstari huo katikati ya ubavu wa mwisho wa chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Mtafsiri hahitaji kunukuu kiwango chochote dukani. Anahitaji kuandika: "Inama kidogo pembeni, pale mwili unapojikunja ndipo pa kuzungusha futi."

Nyonga ndilo neno la pili lililoniponza. Kwenye kamusi ni sahihi kabisa. Ila mtu akiambiwa apime nyonga hutafuta mfupa, na mfupa anaoupata kwanza kwa mkono uko juu kuliko sehemu inayotakiwa. Kipimo cha nguo hupita pale makalio yalipojaa kuliko pengine pote. Mafundi na wauza nguo husema hipsi, na mteja akisikia hipsi anashusha futi mwenyewe bila kuelekezwa. Nimeacha nyonga, nimechukua hipsi, na sioni haya, kwa maana kipimo kinachokosewa hakiokolewi na usanifu wa neno.

Kuna swali jingine linalotangulia yote haya: tarakimu ni za mwili au za nguo? Maduka huchapisha aina zote mbili, na mengine huzichanganya ukurasa mmoja. Jedwali la mwili linasema, "Kama kifua chako ni 92, chukua M." Jedwali la nguo linasema, "Blauzi hii ya M ina kifua cha 100." Zile sentimita nane ni nafasi ambayo mshonaji ameiacha ili uweze kuinua mkono na kuvuta pumzi. Mwenye kifua cha 100 akidhani anasoma jedwali la mwili ataletewa blauzi inayolingana naye kabisa, na akifunga vifungo vitaachama. Upande wa pili, nguo za kitambaa kinachovutika huweza kuwa ndogo kuliko mwili na zikavaliwa vizuri.

Unajuaje jedwali ulilopewa ni la aina gani, ikiwa kiwanda hakikusema? Mimi huangalia mambo mawili. Kwanza, kiuno cha mtu mzima kikiwa chini ya sentimita 50, nguo ililazwa mezani, hivyo kipimo chake ni nusu ya mzunguko. Pili, kukiwa na urefu wa nguo kutoka begani hadi kwenye pindo, hilo ni jedwali la nguo, maana mwili wa mtu hauna pindo. Nikibaki na shaka naomba nguo moja iletwe nipime kwa mkono wangu. Duka lisiloweza kunipa nguo moja ya kupima nalieleza wazi kwamba siwezi kulitafsiria jedwali hilo.

Maneno ya maelezo nayo yana mitego, na mingi hutokana na kutafsiri neno badala ya kuieleza nguo inavyokaa. Nimewahi kuona shati likielezwa kuwa "linakimbia dogo". Mtafsiri alimaanisha kwamba saizi zake ni ndogo kuliko kawaida, kwa hiyo anayevaa M achukue L. Nimeona suruali ya kubana ikiitwa "nyembamba", na wateja wakauliza kama kitambaa chake kinaonyesha mwili. Nimeona "kitambaa kinachonyooshwa", kumbe ni kitambaa kinachovutika. Kwetu nguo ikinyooshwa imepigwa pasi. Baya kuliko yote ni lile shati lililokatwa pana makusudi, lining'inie mabegani, ambalo tafsiri yake iliandikwa "shati la saizi kubwa". Wenye miili midogo walilipita wakidhani si lao. Wenye miili mikubwa walilinunua M wakiamini limeshaongezwa kwa ajili yao.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunayo "kubana", tunayo "kupwaya", tunayo "kukaa" kama katika "gauni limemkaa". Nguo inayobana sana tunasema imeng'ang'ania mwili. Ukiwa na maneno haya unaweza kusema inapobana na inapopwaya: "Inabana mapajani, inapwaya kuanzia magotini kushuka chini." Ile inayoitwa ya kawaida naiandika hivi: "Haibani wala haipwayi; mguu umenyooka hadi chini." Suruali ya kiuno cha juu naiandika, "Inafungwa juu ya kitovu," kwa sababu kila mtu anajua kitovu chake kilipo.

Ukiuza pande zote mbili za mpaka, jina la nguo pia huleta mkanganyiko. Rinda kwa Mkenya ni gauni. Kwa Mtanzania rinda ni ule mkunjo wa kitambaa, ndiyo maana tunasema sketi ya marinda. Kichwa cha habari kinachosema "Rinda jekundu" kitaeleweka Nairobi, na Dodoma kitamfanya msomaji ajiulize ni rinda la nguo gani. Mimi huandika gauni, neno linaloeleweka kote, na marinda nikiyataja nataja pia yako wapi: "gauni lenye marinda kiunoni". Kijana wa Dar es Salaam anasema suruali ya modo, na hilo linafaa kwenye tangazo linalolenga vijana wa huko. Kwenye jedwali la vipimo naliacha, kwa sababu wa Mombasa huenda asilielewe.

Suruali ya mama wa Morogoro niliiandika upya. Juu kabisa niliweka: "Vipimo hivi ni vya suruali yenyewe, si vya mwili wako. Pima suruali yako inayokukaa vizuri, kisha linganisha." Halafu zikafuata tarakimu za M:

Kiuno (mzunguko wa ukingo wa juu, suruali ikiwa imefungwa): sm 72, inchi 28 na robo.
Hipsi (mzunguko pale makalio yanapojaa zaidi): sm 98, inchi 38 na nusu.
Mguu wa ndani (kutoka msambani hadi kwenye pindo): sm 76, inchi 30.
Inakaa chini ya kitovu. Kitambaa hakivutiki.

Mstari wa mwisho ndio ninaoutetea kuliko yote, kwa sababu ya somo la yule mzee. Mtu mwenye inchi 28 pale mwili unapobonyea huweza kuwa na 31 mahali ambapo ukingo wa suruali hii utakaa. Asipoambiwa inakaa wapi, ataisoma 28 yake na kujidanganya.

Kabla jedwali halijapanda mtandaoni nililijaribu. Nilimpa dada mmoja anayeuza vocha jirani na duka, ambaye hakuwahi kuliona la kiwanda. Nikampa futi na nguo yake mwenyewe, nikanyamaza. Alipima, akachagua XL. Tukamletea XL akaivaa, ikamkaa. Kitu kimoja tu kilimkwamisha: futi yake ilikuwa na inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, naye alianza na upande usio sahihi, kisha akajirekebisha alipoona tarakimu zote mbili zimeandikwa. Tangu siku hiyo siandiki kipimo kimoja bila cha pili.

Nawe unayenunua nguo kwa simu, ukikuta "Kiuno 36" peke yake, usilipe kwanza. Mwandikie muuzaji umuulize mambo matatu: ni inchi au sentimita, ni mzunguko au nguo imelazwa, ni kipimo cha mwili au cha nguo. Akishindwa kujibu lolote kati ya hayo, tafuta duka jingine.