Umekatwa Pesa za Matangazo Usizozielewa? Andika Barua Inayotenganisha Kila Shilingi

Umeweka tangazo la biashara mtandaoni, ukaunganisha kadi ya malipo ya simu yako na akaunti ya matangazo, na bajeti ukaiweka shilingi 500 kwa siku. Wiki mbili baadaye ukijumlisha mesej za malipo, unapata pesa zilizotoka ni zaidi ya mara mbili ya ulizopanga. Hasira inapanda, na unaandika kwa haraka: "Mmenikata pesa zangu, rudisheni zote!"

Barua ya aina hiyo mara nyingi hujibiwa kwa maneno ya jumla, kwamba malipo yako sawa. Sababu ni kwamba ndani ya hizo "zote" kuna pesa ulizotumia kweli. Anayesoma barua akiona hata malipo mawili halali, anakuwa na sababu ya kufunga kesi yako. Barua inayorudisha pesa hukubali wazi malipo yaliyo sahihi, kisha hutenganisha yale yasiyo sahihi, moja baada ya lingine.

Kwanza, ondoa yale yenye maelezo

Malipo mengi yanayoonekana ya ajabu yana maelezo ya kawaida. Majukwaa mengi ya matangazo hayakukati kila siku. Hungoja deni lifike kiwango fulani, kwa mfano 2,000, ndipo yanakata kwa mkupuo, na salio linalobaki hukatwa siku ya bili ya kila mwezi. Kwa hivyo unaweza kukatwa pesa siku ambayo tangazo lilikuwa limesimama kitambo.

Pili ni kodi. Hapa Kenya, VAT ya asilimia 16 huongezwa kwa huduma za kidijitali zinazotoka nje, kwa hivyo matangazo ya 2,000 yanatoka kwenye kadi kama 2,320.

Tatu, bajeti ya siku si ukuta. Kwenye Google Ads, kwa mfano, siku moja inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti yake, ila kwa mwezi hutatozwa zaidi ya bajeti ya siku mara 30.4. Na unapounganisha kadi mpya, unaweza kuona malipo madogo ya majaribio yanayorudi yenyewe.

Ukishaondoa hayo, kinachobaki ndicho cha kulalamikia.

Linganisha namba, si tarehe pekee

Fungua ukurasa wa malipo kwenye akaunti yako ya matangazo, uweke mesej za simu kando. Usilinganishe kwa tarehe na kiasi tu, kwa sababu malipo mawili yanaweza kuwa ya kiasi kimoja, na saa za akaunti huenda si za Nairobi. Tafuta namba ya rejea. Malipo ya Meta kwa kawaida huonekana kwenye kadi kama `FACEBK *` ikifuatwa na herufi na tarakimu zilezile zilizo kwenye ukurasa wa malipo. Ya Google Ads huanza na `GOOGLE*ADS` ikifuatwa na namba ya akaunti ya matangazo.

Ukipata rejea ndani ya akaunti yako, pesa zilitumika kwenye akaunti yako, na swali ni nani alizitumia. Usipoipata, huenda kadi yako imetumika kulipia akaunti ya mtu mwingine. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na barua lazima iyatenganishe.

Mfano: duka la viatu Nakuru

Tuchukue mfano wa mwenye duka la viatu Nakuru. Tangazo lake lilienda kuanzia tarehe 1 hadi 10 Machi, kwa bob 500 kwa siku, na likatumia 4,960. Ukiongeza VAT ya 793.60, alipaswa kulipa 5,753.60. Lakini kadi ilikatwa mara tano: 2,320 tarehe 4, 8, 14 na 15, halafu 3,480 tarehe 17. Jumla ni 12,760.

Malipo ya tarehe 4 na 8 ni halali: kila moja ni 2,000 za tangazo lake pamoja na kodi. Baada ya hapo lilibaki deni la 960.

Malipo ya tarehe 14 ndiyo yenye mtego. Kwenye kumbukumbu za akaunti, yaani `Activity history` au `Change history` kutegemea jukwaa, aliona mtumiaji asiyemjua aliongezwa tarehe 13, na siku hiyohiyo akafungua kampeni ya kuuza bidhaa nyingine kabisa. Kampeni hiyo ilipotumia 1,040, deni lilifika 2,000 na jukwaa likakata. Kwa hivyo kati ya zile 2,320, sehemu ni deni lake la kweli: 960 na kodi yake, yaani 1,113.60. Anachoweza kudai ni 1,206.40. Akidai 2,320 nzima, atapingwa kwa rekodi zake mwenyewe.

Ya tarehe 15 yote ni ya kampeni ngeni. Ya tarehe 17 rejea yake haipo kabisa kwenye akaunti. Hata kiasi chenyewe kinaleta shaka: akaunti yake hukatwa ikifika 2,000, ilhali hii ni 3,000 pamoja na kodi.

Kabla ya kuandika

Piga skrinshoti za kampeni ngeni na kumbukumbu za akaunti kwanza. Kisha usimamishe kampeni hiyo, umwondoe mtumiaji usiyemjua, ubadilishe neno la siri na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Usiifute kampeni, maana ndiyo ushahidi wako. Kwa malipo ambayo hayapo kwenye akaunti, ripoti kwa aliyekupa kadi siku hiyohiyo na uifunge kadi. Aliye na namba za kadi anaweza kuendelea kukata hata baada ya wewe kubadilisha neno la siri la matangazo.

Barua yenyewe

Itume kupitia sehemu ya msaada iliyo ndani ya akaunti yako. Ikitakiwa kwa lugha nyingine, mpangilio ubaki huu:

> Kuhusu: Malipo matatu ninayopinga, jumla KSh 7,006.40. Namba ya akaunti ya matangazo: (namba yako)
>
> Kwa Kitengo cha Bili,
>
> Kati ya tarehe 4 na 17 Machi, kadi yangu inayoishia na (tarakimu nne za mwisho) ilikatwa KSh 12,760 kwa jina lenu. Nakubali KSh 5,753.60, ambazo ni za tangazo langu la tarehe 1 hadi 10 Machi pamoja na VAT. Napinga zifuatazo:
>
> 1. Tarehe 14 Machi, KSh 2,320, rejea (namba). Napinga KSh 1,206.40 pekee. Kiasi hicho ni matumizi ya kampeni iliyofunguliwa tarehe 13 Machi na mtumiaji nisiyemjua. Kiambatisho A na B.
>
> 2. Tarehe 15 Machi, KSh 2,320, rejea (namba). Napinga kiasi chote. Ni matumizi ya kampeni hiyohiyo. Kiambatisho A na B.
>
> 3. Tarehe 17 Machi, KSh 3,480, rejea (namba). Napinga kiasi chote. Rejea hii haipo kwenye akaunti yangu. Kiambatisho C na D. Nimeripoti malipo haya kwa aliyetoa kadi.
>
> Kampeni hiyo niliisimamisha na mtumiaji huyo nikamwondoa tarehe 15 Machi.
>
> Naomba: (a) mrudishe KSh 3,526.40 za namba 1 na 2 kwenye kadi niliyolipia. (B) mthibitishe kama malipo ya namba 3 yalikwenda kwa akaunti nyingine, na myarudishe. (C) kama mnakataa dai lolote, mnieleze kwa maandishi ni lipi na kwa nini.
>
> Viambatisho: A – kumbukumbu za akaunti za tarehe 13 Machi. B – matumizi ya kila kampeni kwa kila siku. C – taarifa ya malipo ya kadi. D – ukurasa wa malipo wa Machi, wote.
>
> Mwenye akaunti

Angalia kwamba barua haina maneno ya hasira wala historia ndefu ya biashara. Kila dai lina tarehe, kiasi, rejea, sababu moja na kiambatisho chake. Ombi la (b) haliulizi jina la mwenye akaunti nyingine, kwa sababu hilo hawatakupa. Linauliza jambo wanaloweza kujibu.

Viambatisho vinavyosomeka

Kiambatisho B ndicho kinachosahaulika sana, na bila hicho ule mgawanyo wa 960 na 1,040 hauna ushahidi. Pakua ripoti inayoonyesha kila kampeni ilitumia ngapi kila siku.

Skrinshoti ionyeshe tarehe na namba ya akaunti. Usikate picha ikabaki mstari mmoja tu. Ukurasa wa malipo utume wa mwezi mzima, kwa sababu unathibitisha kitu ambacho hakipo, na hilo haliwezi kuonekana kwenye kipande.

Taarifa ya malipo ya PDF huenda ikafunguka kwa namba ya siri pekee, na mtu wa bili hataweza kuisoma. Tuma kurasa husika zikiwa wazi. Ziba majina na namba za watu wengine uliowatumia pesa. Kwa kadi, tarakimu nne za mwisho zinatosha. Namba tatu za usalama, PIN na namba ya uthibitisho inayoingia kwa mesej hazihitajiki kwenye malalamiko yoyote. Anayekuuliza hizo kwa kisingizio cha kukurudishia pesa ni tapeli.

Wakijibu, au wakinyamaza

Hifadhi namba ya kesi na ujibu kwenye mazungumzo yaleyale. Ukifungua kesi mpya kila siku, viambatisho vyako vinatawanyika na kila anayejibu anaanza upya.

Wakikataa namba 1 na 2, au wakinyamaza, unaweza kuomba aliyetoa kadi ayapinge malipo hayo. Lakini iwe hatua ya pili, maana jukwaa linaweza kuifunga akaunti ya matangazo ambayo malipo yake yamepingwa kupitia kadi. Usingoje mno pia: kwa kadi za Visa, muda wa kupinga malipo mengi ni siku 120. Piga hesabu kuanzia siku ya malipo, si siku ya jibu lao, na uweke ukumbusho kwenye simu kabla muda huo haujaisha.