Kansa ya ini Lubumbashi: ekografi ya kila miezi sita inaweza kubadilisha matibabu

LUBUMBASHI – Ini ni kiungo ambacho hakilii mapema. Ndani yake hakuna mishipa ya kusikia maumivu. Ni ngozi nyembamba inayolifunika ndiyo inayouma, na inauma tu wakati uvimbe umekwisha kuwa mkubwa na kuivuta. Ndiyo sababu mtu anaweza kubeba kansa ya ini kwa zaidi ya mwaka huku anakwenda kazini, anakula bukari yake na kulala vizuri. Siku anayofika hospitalini na tumbo lililovimba, macho ya manjano na mwili uliokonda, mara nyingi mganga hana tena cha kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika utafiti uliotolewa mwaka 2017 juu ya wagonjwa zaidi ya 2500 wa inchi 9 za Afrika, kati yazo Tanzania na Uganda. Katika Misri, ambako watu wenye ini bovu wanafuatwa kwa ukaribu, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10. Katika zile inchi zingine 8, nusu yao walikuwa wamekufa kabla ya miezi 3. Misri, wagonjwa 76 kwa 100 walipata matibabu ya kansa yenyewe. Kwingine ni 3 tu kwa 100. Tena wagonjwa wa inchi hizo 8 walikuwa vijana zaidi: umri wa katikati ulikuwa miaka 46, wakati Misri ulikuwa 58.

Nani anapaswa kufuatwa

Si kila mkaaji wa Lubumbashi anayehitaji kipimo hiki. Wa kwanza ni wenye sirozi, yaani ini lililojaa makovu na kuwa gumu, ikiwa imeletwa na virusi ao na pombe kali kama lutuku. Wa pili ni wenye virusi vya hepatiti B, hata kama ini lao halina makovu, kwa sababu virusi hivi vinaweza kuleta kansa bila kupitia sirozi. Kwa Waafrika wenye virusi hivyo, miongozo ya kimataifa inashauri kuanza mapema, kati ya miaka 20 na 40. Mtu ambaye mzazi wake ao ndugu yake alikufa kwa kansa ya ini asikawie hata kidogo. Sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huongeza hatari kwa mwenye virusi.

Tufikirie mfano huu. Baba mmoja wa komini ya Katuba, miaka 38, anakwenda kutoa damu kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Damu inakataliwa: ina virusi vya hepatiti B. Anajisikia mzima kabisa. Mganga anamwambia mambo mawili: damu yake ipimwe ili kujua kama anahitaji dawa ya tenofoviri, na ini lake lipigwe ekografi kila miezi sita. Dawa ile inapunguza hatari ya kansa lakini haiimalizi, kwa hiyo ekografi inaendelea hata kwa anayemeza dawa.

Kwa nini miezi sita

Hesabu inatoka kwenye mwendo wa uvimbe wenyewe. Kwa wastani, kansa ya ini hujiongeza mara mbili kwa ujazo katika miezi 4 hadi 6. Tuseme ni miezi 5. Ili upana wake uongezeke mara mbili, ujazo lazima uongezeke mara nane, yaani miezi 15. Uvimbe wa sentimita 2 utakuwa na sentimita 4 baada ya miezi 15, na sentimita 8 baada ya miezi 30. Anayepimwa kila miezi sita ana nafasi ya kukutwa karibu na sentimita 2. Anayengoja maumivu mara nyingi anakutwa amepita 8. Kuna vimbe zinazokwenda mbio kuliko hivyo, na hizo zinaweza kuponyoka katikati ya vipimo viwili.

Siku ya ekografi, mgonjwa asile kwa saa 6 hivi, ili gesi ya tumbo isifunike picha. Analala chali, kisha kwa ubavu wa kushoto, na anavuta pumzi na kuizuia ili ini lishuke chini ya mbavu. Hiyo si kazi ya dakika mbili: sehemu ya juu kabisa, chini ya mapafu, ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi. Karatasi ya majibu inapaswa kusema ukubwa wa uvimbe kwa milimita, sehemu ya ini ulipo, na kama mshipa wa porta, mshipa mkubwa unaoleta damu kwenye ini, uko wazi. Mgonjwa atunze karatasi zote, maana mganga anahitaji kulinganisha ya leo na ile ya zamani.

Ekografi haioni yote. Kwa mtu mnene ao ini lenye makovu mengi, uvimbe mdogo unaweza kujificha. Ikitumika peke yake, inakosa karibu nusu ya kansa ndogo. Ndiyo sababu inaambatanishwa na kipimo cha damu cha alfa-fetoproteini. Kikizidi 20, uchunguzi unaendelea hata kama picha ni safi.

Baada ya uvimbe kuonekana

Baba wetu alikuwa safi mwezi wa kwanza. Mwezi wa saba, ekografi inaonyesha uvimbe wa milimita 18. Ungekuwa chini ya sentimita 1, angerudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Lakini umepita sentimita 1, basi anatumwa kwenye skaneri yenye dawa ya kuchomwa mshipani. Kansa ya ini hunywa damu ya ateri: uvimbe unawaka mbele ya ini lingine, kisha unafifia mbele yake. Kwa mtu mwenye sirozi ao hepatiti B ya muda mrefu, alama hizo mbili zinatosha. Si lazima kukata kipande cha nyama kwa uchunguzi.

Sasa matibabu yanategemea hatua. Uvimbe mmoja, mdogo, katika ini lenye nguvu: unaweza kukatwa kwa operesheni, ao kuchomwa kwa sindano ya joto, ao kuingizwa alkoholi safi kwa sindano inayoongozwa na ekografi. Njia hii ya mwisho ni ya bei ndogo, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 2. Hapa lengo ni kuponyesha. Hata hivyo kansa hurudi mara nyingi, kwa hiyo vipimo haviachwi.

Kupandikiza ini kunafanyika katika inchi chache za Afrika, kama Misri na Afrika ya Kusini. Kanuni inayojulikana tangu mwaka 1996 ni uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, ao hadi vitatu, kila kimoja kisichozidi sentimita 3.

Vimbe zikiwa nyingi lakini ziko ndani ya ini tu, waganga hupitisha mrija mwembamba ndani ya ateri na kuzifungia damu. Hilo hurefusha maisha, lakini kuponya ni nadra. Kansa ikiingia mshipa wa porta ao kutoka nje ya ini, zinabaki dawa kama sorafenibu. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2008, wenye kuimeza waliishi kwa kawaida karibu miezi 11, badala ya 8. Na kama ini lenyewe limekwisha, maji yamejaa tumboni na akili inachanganyikiwa, ni utunzaji wa maumivu tu. Kwa mgonjwa kama huyo asiyeweza kupandikizwa ini, ekografi za kila miezi sita hazina faida tena.

Je, kufuatwa hivi kunaokoa watu kweli? Huko Shanghai, China, watu 18816 wenye hepatiti B ao waliowahi kuugua ini kwa muda mrefu waligawanywa makundi mawili. Kundi lililopigwa ekografi na kupimwa damu kila miezi sita lilikuwa na vifo vya kansa ya ini pungufu kwa 37%, ingawa watu wa kundi hilo walihudhuria chini ya vipimo 60 kwa kila 100 walivyopangiwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2004.

Kwa baba wa Katuba, tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye karatasi yake ni mwezi wa kwanza. Akiiruka hiyo na ile ya mwezi wa saba, uvimbe mpya wa sentimita 2 utakuwa umekaribia sentimita 4 kabla mtu yeyote hajauona. Hapo sindano ya alkoholi haitoshi tena.