Kiini cha Jino Kinachoponeka na Kisichoponeka

Pulpitisi ni hali ya kiini cha jino kuvimba na kuwaka baada ya kushambuliwa, mara nyingi na bakteria waliopenya kupitia tundu la kuoza. Kiini ni nyama laini iliyofungiwa katikati ya jino. Kina mishipa ya damu na neva zinazoingilia kwenye kijitundu kilicho katika ncha ya mzizi. Kidole kikiumia huvimba, kwa kuwa ngozi inatanuka. Kiini hakina pa kutanukia, maana kimezungukwa pande zote na dentini, ambayo ni sehemu ngumu ya ndani ya jino, na juu ya dentini kuna enameli, ngumu zaidi. Shinikizo hupanda palepale penye jeraha, na nyama ya hapo isipopata nafuu huanza kufa, kwanza ile pembe iliyo karibu na tundu, kisha polepole kuelekea mizizini.

Mwanafunzi wa udaktari wa meno hufundishwa kuipa hali hiyo moja ya majina mawili. Pulpitisi inayoponeka ni ile ambayo, chanzo kikiondolewa, kiini kinatarajiwa kurudi katika afya yake. Isiyoponeka ni ile ambayo kiini kilichowaka kinahesabiwa kuwa hakiwezi tena kupona, hata tundu likizibwa vizuri namna gani. Majina haya hayapimi ukali wa maumivu. Ni utabiri kuhusu kesho ya kiini, na daktari hulazimika kuutoa bila kukiona kiini chenyewe. Vipimo vyote vinavyofuata ni njia za kukisia kilichomo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Njia ya kwanza ya kukisia ni kujua jinsi neva za jino zinavyolia. Zipo za aina mbili. Neva za kasi, ziitwazo A-delta, zinafika hadi mpakani mwa kiini na dentini. Dentini ina vijimfereji vingi mno vyenye majimaji, na baridi ikigusa jino majimaji hayo husogea ghafla na kuzishtua neva hizo. Maelezo haya yaliimarishwa na utafiti wa Martin Brännström wa Uswidi. Maumivu yake ni makali kama kuchomwa sindano, lakini huisha upesi. Neva za polepole, ziitwazo C, ziko ndani zaidi na haziamki kwa urahisi. Zikiamka ni kwa sababu nyama yenyewe imewaka, na maumivu yake ni mazito, yanapwita, yanakawia, na mgonjwa hushindwa kuonyesha ni jino lipi hasa linalouma.

Hapo ndipo palipo mstari wa kutenganisha hali hizi mbili. Katika pulpitisi inayoponeka jino haliumi lenyewe. Huuma likiguswa na baridi au kitu kitamu, na baridi ikiondoka maumivu nayo huondoka ndani ya sekunde chache. Katika ile isiyoponeka maumivu hubaki baada ya baridi kuondoka, na kipimo kinachotumiwa sana ni sekunde 30 au zaidi. Tena huanza yenyewe bila kuchokozwa, huzidi mtu anapolala au kuinama, humwamsha usiku, na vidonge vya kutuliza maumivu huenda visimsaidie. Yanaweza kuhisiwa sikioni, kwenye panja au katika taya la pili la upande uleule, ila hayavuki katikati ya uso kwenda upande mwingine.

Ipo pia pulpitisi isiyoponeka isiyo na dalili, na hii huwapotosha wengi. Mgonjwa hana maumivu yoyote, na jino hujibu baridi kama jino zima, lakini uozo umezama kiasi kwamba ukiondolewa wote kiini kitabaki wazi. Hapa hukumu hutolewa na tundu lenyewe pamoja na eksirei. Kiini kikishakufa kabisa hali hubadilika jina na kuwa nekrosisi, yaani ufu wa kiini, na jino haliitikii tena baridi. Baadhi ya wagonjwa hufurahia siku hiyo wakidhani wamepona, kumbe kilichonyamaza ni neva.

Kipimo kikuu ni cha baridi. Kipande cha barafu kinaweza kutumika, ingawa huyeyuka na maji yake kutiririkia meno jirani hadi majibu yakachanganyika. Kliniki nyingi hutumia dawa ya kupuliza ya tetrafluoroethane, inayoshuka hadi kiasi cha nyuzi 26 chini ya sifuri. Jino hukaushwa na kutengwa kwa pamba, dawa hupulizwa juu ya donge la pamba, kisha donge hilo huwekwa juu ya jino. Mgonjwa huinua mkono anapohisi baridi na kuushusha inapoisha, huku daktari akihesabu sekunde. Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia jino bovu. Meno mazima hupimwa kwanza: jirani yake, na lile linalofanana nalo upande wa pili wa taya. Watu hawafanani kwa wepesi wa kuhisi, na bila kujua mtu huyu anahisije kwenye jino zima, hakuna cha kulinganisha. Kumwanza kwa jino zima pia humfundisha mgonjwa nini cha kutarajia, asije akaruka kwa hofu na hofu hiyo ikaandikwa kama maumivu.

Joto hupimwa mara chache zaidi, hasa kwa mgonjwa anayelalamika kuwa chai ya moto ndiyo inayomtesa. Kipimo cha umeme kina mpaka ambao mwanafunzi anapaswa kuujua mapema. Mkondo mdogo hupitishwa kwenye jino lililokaushwa na kupakwa kitu cha kupitisha umeme, kama dawa ya meno. Mgonjwa akihisi, kilichothibitika ni kwamba zipo neva zinazofanya kazi. Namba inayosomeka kwenye mashine haisemi kiini kina afya au kimewaka, kwa hiyo umeme hauwezi kutenganisha inayoponeka na isiyoponeka. Baridi na umeme vyote viwili huuliza neva, ilhali uhai wa kiini uko kwenye damu. Jino lililopigwa karibuni laweza kukosa majibu kwa muda huku damu ikizunguka ndani yake.

Kugonga jino polepole kwa mpini wa kioo cha meno, na kubonyeza ufizi karibu na ncha ya mzizi, ni vipimo vya kitu kingine kabisa: tishu zinazouzunguka mzizi. Kwa sababu hiyo utambuzi kamili huandikwa kwa sehemu mbili, jina la hali ya kiini na jina la hali ya ncha ya mzizi. Jino linaweza kuwa na pulpitisi isiyoponeka huku tishu za nje ya mzizi zikiwa bado salama. Eksirei nayo haionyeshi kiini kilichowaka. Huonyesha kina cha uozo, uzibaji wa zamani, na mabadiliko ya mfupa yanayoweza kuchelewa kujitokeza.

Mfano utalifafanua jambo hili. Dereva wa bodaboda wa miaka 28 anafika akisema soda baridi inamchoma upande wa kulia, chini. Meno mawili ya kulinganishia yanahisi baridi na kutulia ndani ya sekunde 2. Gego la kwanza la chini kulia, ambalo madaktari huliandika 46, linachoma kwa ukali na kutulia katika sekunde ya 5. Kuligonga hakuumi, na eksirei inaonyesha uozo uliofika nusu ya dentini. Hii ni pulpitisi inayoponeka, na tishu za ncha ya mzizi ni za kawaida. Tiba yake ni kuondoa uozo na kuziba.

Kwa kuwa hakuwa na maumivu alipotoka, dereva huyo anaahirisha. Miezi minne baadaye anarudi akiwa amekesha usiku tatu, na kidole chake kinaonyesha gego la juu. Anayemwamini bila kupima angeling'oa jino zima. Magego ya juu yanapopimwa kwa baridi yanajibu na kutulia mara moja. Lile 46 linanyamaza kwa sekunde mbili tatu, kisha maumivu yanapanda, yanakwenda hadi sikioni na kudumu zaidi ya dakika moja. Kuligonga sasa kunauma, na eksirei inaonyesha uozo uliokaribia kugusa kiini. Jina limebadilika: pulpitisi isiyoponeka yenye dalili, pamoja na uvimbe wenye dalili kwenye ncha ya mzizi.

Njiani kati ya ziara hizo mbili, mtu kama huyu kwa kawaida hupita duka la dawa akanunua amoksilini. Haimsaidii. Kinachouma ni nyama iliyowaka ndani ya ukuta mgumu, na antibiotiki haiondoi mwako huo wala haizibi tundu. Tiba ya maumivu haya ni mkono wa daktari ndani ya jino, ama kwa kusafisha na kuziba mizizi, ama kwa kuling'oa.

Je, majina haya hulenga kweli? Ricucci na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walilinganisha utambuzi wa kliniki na kilichoonekana kwenye hadubini. Viini vilivyoitwa vizima au vinavyoponeka vililingana na hadubini kwa asilimia 96.6, na vilivyoitwa visivyoponeka kwa asilimia 84.4. Sehemu ya waliokosewa inatia uchungu, kwa kuwa kiini kilichoitwa kisichoponeka huondolewa chote. Isitoshe, hata kiini kilichowaka vibaya kwenye taji la jino mara nyingi bado ni kizima ndani ya mizizi. Ndiyo maana miaka ya karibuni madaktari wengi wamekuwa wakikata sehemu ya juu tu ya kiini na kuihifadhi ya mizizini kwa saruji maalumu ya kalsiamu silikati, hata kwenye jino lenye dalili za kutoponeka.

Hapo kipimo cha mwisho hufanyika jino likiwa limeshafunguliwa. Pamba yenye dawa hukandamizwa juu ya kiini kilichobaki. Damu ikikoma katika dakika chache, nyama hiyo huhesabiwa kuwa inaweza kuishi. Ikiendelea kutoka, mwako umeshuka chini zaidi na kisu hufuata. Kati ya vipimo vyote vilivyotajwa, hicho ndicho pekee ambacho daktari hukitazama kiini chenyewe kwa macho.