Swali la Saba, Jibu B: Nimekosea Wapi?

Mpira umerushwa wima kuelekea juu. Umeshatoka mkononi, bado unapanda, na upepo hauhesabiwi. Ni nguvu zipi zinazoufanyia kazi? A: mvutano wa dunia peke yake. B: mvutano wa dunia pamoja na nguvu ya kuelekea juu inayopungua kidogo kidogo. C: nguvu ya kuelekea juu peke yake mpaka kileleni, ndipo mvutano uanze. D: hakuna nguvu yoyote.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu alichagua B. Karatasi iliporudi na alama ya kosa, angeweza kuandika "sijaelewa namba saba" na kumwachia mwalimu wake wa tuisheni abahatishe shida iko wapi. Aliandika hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Swali la saba nilijibu B, nimeona jibu ni A lakini moyo haujakubali. Niliwaza hivi. Mpira unapanda, na dunia inauvuta chini. Kama nguvu iliyopo ni ya dunia tu, mpira ungeanguka hapo hapo. Kwa hiyo lazima nguvu ya mkono imebaki ndani yake. Inapungua, ndiyo maana mpira unapunguza mwendo. Kileleni nguvu mbili zinalingana, mpira unasimama, halafu ya dunia inashinda. C niliikataa kwa sababu dunia haipumziki kuvuta. D sikuifikiria. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nimekosea wapi?"

Barua hii ni hazina kwa mwalimu. Kila hatua imewekwa mezani, pamoja na majibu yaliyokataliwa na sababu zake. Kukataliwa kwa C kunaonyesha kwamba mwanafunzi anajua vizuri kuwa mvutano haukatiki, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha upya sura nzima. Na ule "uhakika kabisa" unamwambia mwalimu kwamba hapa hapakuwa na kubahatisha. Kuna imani, na imani haifutwi kwa kurudia jibu sahihi kwa sauti kubwa zaidi.

Mwalimu alipigia mstari sentensi moja tu: "Kama nguvu iliyopo ni ya dunia tu, mpira ungeanguka hapo hapo." Yanayofuata baada yake yamefuatana vizuri kabisa. Ukikubali kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa, basi mpira unaopanda lazima uwe na msukumo, na msukumo huo lazima uishe mahali fulani. Ufa uko kwenye msingi, na msingi wenyewe mwanafunzi hakuutaja kwa sababu aliuona wa kawaida mno.

Hakuwa peke yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza kwamba mrushaji hukitia kitu kinachorushwa hali aliyoiita mayl, inayokibeba mbele. Karne tatu baadaye Jean Buridan wa Paris alifundisha wazo la jamaa hiyo hiyo. Sheria ya Newton, kwamba kitu huendelea na mwendo wake chenyewe mpaka nguvu ya nje ikibadilishe, ilichapishwa mwaka 1687. Na mwaka 1992, David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzake wawili walipotoa mtihani wa kuchagua majibu kuhusu nguvu na mwendo, majibu ya makosa waliyachota kwenye mawazo ambayo wanafunzi wenyewe huwa nayo. Swali la mpira wa chuma unaorushwa juu limo, na msukumo unaopungua umo kati ya majibu yake. B ya mwanafunzi wetu, basi, ni mtego uliotegwa na mtu aliyejua samaki anapita wapi.

Lugha nayo ina mkono wake. Swali la mtihani liko kwa Kiingereza, lakini kichwani hugeuka "nguvu", na nguvu kwa Kiswahili hubeba mengi. Mchezaji ana nguvu, shuti lina nguvu, gari lililoshika kasi linakuja kwa nguvu. Katika usemi huo ni kweli kwamba mpira "una nguvu" baada ya kurushwa. Istilahi ya fizikia ni kani, na kani haikai ndani ya kitu. Ni msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine. Kwa hiyo kila kani inayotajwa ina swali lake: nani anasukuma? Ya kwanza, dunia. Ya pili, mkono, lakini mkono umeshabaki chini. Kilichobaki ndani ya mpira ni mwendo.

Hata hivyo mwalimu hakuanza na maelezo hayo. Alimwomba mwanafunzi aifuate B mpaka mwisho wake, kwa hesabu. Mpira una uzito wa niutoni 4. Kama nguvu ya kwenda juu inapungua na kufika kileleni ikiwa sawa na 4, basi kabla ya kileleni ilikuwa zaidi ya 4, tuseme 6 mkononi. Sita ukitoa nne, zinabaki mbili za kwenda juu. Baadaye tano ukitoa nne, inabaki moja, bado ya kwenda juu. Maana yake njia nzima ya kupanda mpira unasukumwa juu zaidi ya unavyovutwa chini, hivyo ungekuwa unaongeza mwendo hadi pale pale unapotakiwa kusimama.

Hapo barua ilijipinga yenyewe. Ilisema mpira unapunguza mwendo, na B inasema unaongeza.

Jambo hili lilionekana kwa simu pia. Isimamishwe juu ya kiti, mita chache kutoka ukutani, irekodi picha 30 kwa sekunde, na mpira urushwe taratibu kwa mita 6 hivi kwa sekunde. Ukizitazama picha moja moja, nafasi ya kwanza baada ya mpira kuachwa ni karibu sentimita 20, na kila nafasi inayofuata ni fupi kwa takribani sentimita moja. Ufupi huo unaanza mara tu vidole vinapoachia, na ni ule ule chini, katikati na karibu na kilele. Mvutano usiobadilika hufanya hivyo hasa. Mpira uwe mzito kiasi, maana puto lingekwamishwa na hewa na vipimo vingepotea.

Mwanafunzi hakujibu "nimeelewa, asante". Alituma barua ya pili:

"Mwalimu, B nimeiacha. Mpira haukuanguka hapo hapo kwa sababu ulikuwa tayari na mwendo, na dunia inaupunguza kwanza kabla ya kuugeuza. Lakini kileleni umesimama kabisa. Mbona kitabu kinasema mchapuko pale bado ni 10?"

Mwalimu alimrudishia namba tatu. Sekunde moja kabla ya kilele, mita 10 kwa sekunde kwenda juu. Kileleni, sifuri. Sekunde moja baada yake, mita 10 kwa sekunde kwenda chini. Chini yake akaandika: "Kama mchapuko ungekuwa sifuri ukiwa pale juu na umesimama, sekunde inayofuata ungekuwa wapi?"

Jibu lilirudi jioni ile ile, neno moja: "Palepale."