Mgonjwa Asemapo "Nina Homa": Kazi ya Mhudumu wa Mapokezi

Tarehe 20 Januari 2025, Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo. Dalili za mwanzo za ugonjwa huo, yaani joto kali, maumivu ya kichwa na ya misuli, hufanana na za malaria. Wagonjwa wa Biharamulo na Ngara huweza kuziita zote kwa neno moja: homa. Neno hilo humaanisha joto la mwili kwa mmoja, malaria kwa mwingine, na uchovu tu kwa wa tatu. Mhudumu wa mapokezi hana mamlaka ya kuamua ni lipi kati ya hayo. Kazi yake ni kumwezesha mgonjwa aeleze anachohisi, kisha kuyafikisha maneno yake bila kuyabadili.

Tuchukue mfano wa bibi anayefika dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Homa imenishika, na moyo unauma."

Kumwuliza "Ni malaria?" ni kosa, kwani wengi hukubali kwa heshima tu, na jibu hilo huweza kuwapotosha watakaompokea baadaye. Swali linalofaa ni hili: "Ukisema homa, bibi, mwili unahisije?" Naye ajibu: "Nasikia baridi, natetemeka." Aulizwe ilianza lini; akiwa hakumbuki tarehe, siku ya gulio au ya ibada humsaidia. Kuhusu moyo, aombwe aonyeshe kwa mkono panapouma. Huenda akagusa chembe ya moyo, juu kidogo ya tumbo, na pengine akasema ana huzuni ya msiba. Akitaja msiba, aulizwe kwa sauti ya chini kama alimuuguza au alimgusa marehemu, na jibu lipelekwe kwa muuguzi mara moja.

Kisha mhudumu amrudie: "Umesema unatetemeka tangu siku ya gulio, na panauma hapa. Nimeelewa sawasawa?" Akithibitisha, yaandikwe hivyo hivyo: "anatetemeka tangu gulio la Jumatano, anaonyesha chembe ya moyo". Isiandikwe "malaria", wala "ugonjwa wa moyo". Mgonjwa azungumzaye Kihangaza au Kishubi pekee atafutiwe mkalimani, naye aombwe kutafsiri kauli yenyewe, si maoni yake.

Maswali yana mpaka. Mgonjwa anayepumua kwa shida, aliyepoteza fahamu, mwenye degedege au anayetokwa damu haulizwi zaidi. Muuguzi huitwa papo hapo. Anayetokwa damu mhudumu asimguse, bali akae mbali naye na kuwaondoa wengine karibu.

Mgonjwa akiuliza, "Ni nini hiki?", jibu la kweli ni: "Daktari atakupima na kukueleza, mimi nimeandika ulivyosema." Kumwambia "ni malaria tu" humfanya baadhi arudi nyumbani kabla ya kupimwa.