Grafu ya Zege na Maneno Yanayoishikilia

Tuchukue ripoti ya maabara iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambayo kamati ya ujenzi wa shule inataka kuisoma kwa Kiswahili. Ndani yake kuna grafu moja yenye mistari miwili. Mhimili wa chini unaonyesha umri wa zege kwa siku: 3, 7, 28 na 90. Mhimili wa wima unaonyesha jinsi zege linavyohimili mgandamizo, kwa kipimo cha MPa. Mstari mmoja ni wa sampuli zilizolowekwa majini na mwingine ni wa zile zilizoachwa hewani.

Mfasiri huanza na mhimili wa wima, na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Akiandika "Nguvu ya zege" tu, lebo itaenea vizuri, lakini msomaji hatajua ni nguvu ipi. Mashine ya maabara hubana mchemraba wa zege wenye upande wa mm 150 mpaka upasuke. Ukipasuka kwenye mzigo wa kN 675, mzigo huo hugawanywa kwa eneo la uso, mm² 22,500, na jibu ni MPa 30. Mzigo wa kupasua na nguvu ya mgandamizo ni vitu viwili, na ripoti nyingi huwa na grafu za vyote. Kwa hiyo ya kwanza naiita "Mzigo wa kupasua (kN)" na ya pili "Nguvu ya mgandamizo (MPa)", na majina hayo hayabadiliki tena mpaka ukurasa wa mwisho. Alama za vipimo haziguswi kamwe. Herufi kubwa na ndogo nazo zibaki zilivyo, maana mW ni sehemu ya elfu ya wati, na MW ni wati milioni.

Kuna neno jingine ambalo wafasiri hulikata ili kuokoa nafasi, nalo ni umbo la sampuli. Katika viwango vya Ulaya, zege la daraja la C25/30 hudaiwa MPa 25 likipimwa kwa silinda na MPa 30 likipimwa kwa mchemraba. Zege ni lile lile. Ukiondoa neno "michemraba", msomaji anayelinganisha 27 ya grafu hii na kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba hawezi kujua kama zege limefaulu au limeshindwa. Neno hilo lisipoenea kwenye mhimili, liwekwe kwenye maelezo yaliyo chini ya grafu. Lisitupwe.

Nafasi yenyewe ni tatizo la kweli. Lebo ya Kiingereza ilikuwa na herufi 26 pamoja na nafasi, lakini "Nguvu ya zege kuhimili mgandamizo (MPa)" inafika 39. Ikisimamishwa pembeni ya mhimili, ncha zake hukatwa, na aghalabu kinachopotea ni kipimo kilicho mwishoni. Usipunguze maandishi mpaka yasisomeke. Afadhali uyagawe mistari miwili, ukihakikisha kipimo kimebaki kizima.

Kosa ninaloliogopa zaidi liko kwenye ufunguo, yaani kile kisanduku kinachosema mstari upi ni wa nini. Katika Matplotlib, ukimpa `ax.legend` orodha ya majina peke yake, huyagawa kwa mpangilio wa mistari ilivyochorwa. Ukiyapanga kinyume, kompyuta hailalamiki. Grafu itatoka safi, ikidai kwamba zege lililoachwa likauke ndilo imara zaidi, na fundi anaweza kuacha kumwagilia kwa sababu hiyo. Ndiyo maana jina la kila mstari huandikwa pale pale mstari unapochorwa:

```
ax.plot(siku, majini, "o-", label="Zilizolowekwa majini")
ax.plot(siku, hewani, "s--", label="Zilizoachwa hewani")
ax.set_ylabel("Nguvu ya mgandamizo,\nmichemraba (MPa)")
ax.legend(loc="lower right")
```

Hapa ufunguo umewekwa kulia chini, kwa sababu mistari hupanda kuelekea kulia na kona hiyo hubaki tupu. Ukiachwa juu, majina marefu ya Kiswahili yanaweza kufunika alama za siku ya 90.

Mambo huwa magumu pale grafu inapoletwa kama picha tu. Kuziba maneno ya zamani kwa kibandiko cheupe hufuta vipande vya mistari bila mtu kugundua. Omba faili la asili. Lisipopatikana, acha picha ilivyo na uandike tafsiri ya kila lebo chini yake.

Mwisho wa kazi, chagua alama tatu katika grafu ya asili, mojawapo ikiwa ya siku ya 28 kwenye mstari wa hewani. Mwombe mtu ambaye hakuifasiri azisome katika grafu ya Kiswahili na ataje umri, kipimo na aina ya sampuli. Kisha ichapishe kwa wino mweusi peke yake, kwa sababu kamati itapewa nakala ya fotokopi, na maelezo yanayosema "mstari mwekundu" hapo hayatamsaidia mtu. Yaseme "mstari wa vipande".